Ratiba ya chakula ya wiki: jiko moja, birika la umeme, hakuna friji

Manunuzi (Jumapili): mchele kilo 1, dengu robo, maharage robo, oti nusu kilo, viazi kilo 1, mayai 8, kabichi ndogo, karoti 4, vitunguu 6, nyanya 8, mikate 2 (wa pili nunua Alhamisi, usije ukaota ukungu), mafuta, chumvi.

Asubuhi, kila siku: oti nusu kikombe, maji ya birika kikombe kimoja, funika dakika 5. Maziwa usiyachemshie kwenye birika. Yanagandia chini na kuungua.

Mchana: mkate na nyanya. Yai la kuchemsha Jumatatu, Jumatano, Alhamisi na Jumamosi.

Jioni
Jumatatu: wali na dengu. Pika wali kwanza, funga sufuria kwa taulo nene, kisha bandika dengu dakika 25. Chumvi mwishoni.
Jumanne: viazi vya kukaanga na mayai 2. Vichemshe kidogo kwanza, vitakula mafuta machache.
Jumatano: wali, kabichi, karoti. Kabichi ibandue majani ya nje. Ukiikata katikati inanyauka upesi.
Alhamisi: dengu na viazi, sufuria moja.
Ijumaa: wali na mayai 2. Loweka maharage usiku.
Jumamosi: maharage. Mwaga maji ya kulowekea, yachemke kwa nguvu dakika 10, ndipo upunguze moto hadi yalainike. Maharage yasiyoiva yanaumiza tumbo vibaya.
Jumapili: mboga zilizobaki, na wali.

Pika chakula cha kumaliza usiku huohuo, hasa wali: ukilala nje ya friji, utupe, hata kama haunuki.