Kwa wateja wetu wa kila siku: bei mpya kuanzia Jumatatu

Ndugu wateja,

Kuanzia Jumatatu ijayo baadhi ya bei zetu zitapanda. Nimeona mlisikie kwangu leo, msije mkalikuta kwenye bili mkiwa mmeshakula.

Vyakula vya kukaanga na vyote vya nyama vinapanda kwa asilimia 10. Vinywaji baridi, asilimia 5. Chai, supu, mboga na sahani za watoto zinabaki kwa bei ile ile.

Kilichotufikisha hapa ni nyama, gesi na mafuta ya kupikia, na mafuta ndiyo yanayotuumiza zaidi. Kikaango kikubwa hakiendi kwa mafuta nusu, na mafuta yakishakuwa meusi hayana dawa ila kumwagwa, yawe yamenunuliwa kwa bei gani. Tangu mwaka uanze tumekuwa tukilibeba ongezeko hilo wenyewe. Sasa kuna sahani ambazo kila tukiuza moja tunapata hasara.

Njia za kulikwepa tangazo hili zilikuwepo. Tungeweza kupunguza kipande cha nyama kimyakimya, au kuyarudia mafuta siku moja zaidi. Ninyi mnaokula hapa kila siku mngegundua kabla wiki haijaisha, na mngekuwa na haki ya kuhama bila kuaga. Kupunguza wahudumu nako tulikujadili, lakini ambaye angetoka ni yule anayejua nani hali pilipili na nani anakunywa chai bila sukari. Hilo tukalikataa. Kipimo hakibadiliki, na wapishi ni wale wale.

Waliolipia chakula cha mwezi mzima wataendelea na bei ya zamani hadi siku zao ziishe. Oda za shughuli ambazo tumeshapokea malipo ya awali hatuzigusi pia. Na kwa kuwa kwa mtu anayekula hapa kila siku asilimia 10 si kidogo, kuanzia Jumatatu hiyo hiyo kutakuwa na nusu sahani ya kila chakula cha nyama, kwa nusu ya bei kamili. Agiza tu, hakuna atakayekuuliza kwa nini.

Wachache waliokwisha kuzisikia habari hizi wameniuliza kama bei zitarudi chini. Ninachoweza kuahidi ni kwamba hatutapandisha tena kabla ya miezi 6. Mafuta yakishuka, vyakula vya kukaanga ndivyo tutakavyoanza kuvipunguzia. Kuhusu nyama sitaki kuwadanganya, sioni dalili.

Menyu mpya imebandikwa kando ya kaunta, bei ya zamani na mpya zikiwa pamoja, ili kila mtu apige hesabu yake mapema. Mwenye swali au lawama aniulizie. Mchana niko jikoni na mikono imejaa, ila kuanzia saa tisa alasiri napatikana kaunta.

Mwenye mgahawa, pamoja na wapishi na wahudumu wote