Kuhusu jibu lako la swali la 3: jozi za miamala

Neema,

Salama? Nimeona ujumbe wako wa usiku ukisema mashine ya kusahihishia imekuonea. Swali liliuliza ni jozi ngapi za miamala katika orodha `a` ambazo jumla yake ni `k`. Nimepitia msimbo wako mstari kwa mstari. Jibu ni sahihi, ndiyo maana majaribio sita ya mwanzo yalipita. La saba lilikwama kwenye muda tu, ambao ni sekunde 2.

Majaribio ya mwanzo yana miamala isiyozidi 1,000. Vitanzi vyako viwili, kimoja ndani ya kingine, vinalinganisha kila muamala na yote inayoufuata: kwa 1,000 ni jozi 499,500, kazi ndogo. Jaribio la saba lina miamala 200,000. Piga n(n-1)/2 upate jozi 19,999,900,000. Hata tukikupa ulinganisho milioni 20 kwa sekunde, utasubiri kama dakika 17. Orodha ikikua mara mbili, kazi inakua mara nne.

Kilichonifurahisha ni jaribio lako la pili, ulipoondoa kitanzi cha ndani na kuweka hiki:

```python
jozi += a[i+1:].count(k - a[i])
```

Kitanzi hakionekani, lakini hakijaondoka. Kukata orodha kunanakili vipengele vyote vilivyobaki, kisha `count` inavipitia kimoja kimoja. Wengi darasani wamenaswa hapo hapo, kwa hiyo usijilaumu.

Sasa jiulize: ukifika kwenye muamala `x`, unatafuta nini hasa? Thamani moja tu, `k - x`. Mangi akitaka kujua deni lako hazunguki mtaa mzima kuuliza; anafunua daftari kwenye jina lako. Nawe weka daftari la thamani ulizokwisha kuziona:

```python
idadi = {}
jozi = 0
for x in a:
    jozi += idadi.get(k - x, 0)
    idadi[x] = idadi.get(x, 0) + 1
```

Kutafuta ndani ya `dict` kwa kawaida hakutegemei ukubwa wake, kwa hiyo unapita orodha mara moja: hatua 200,000 badala ya bilioni 20. Gharama yake ni kumbukumbu ya ziada, ambayo hapa tunayo ya kutosha.

Usibadilishe mpangilio wa ile mistari miwili ya ndani. Ukiandika kwanza ndipo utafute, na `k` ikiwa 10,000, muamala mmoja wa 5,000 utajihesabu kuwa jozi na nafsi yake. Jaribio la tisa limetegwa kwa ajili hiyo.

Ipo njia nyingine ya kupanga orodha na kusogeza vidole viwili kutoka ncha zote mbili. Ni nzuri pia, ila thamani zinazojirudia zitakusumbua. Ijaribu ukipata nafasi.

Tuma upya kabla ya Ijumaa saa sita usiku, alama hazitapunguzwa. Ukikwama, nipo ofisini Jumatano baada ya kipindi cha saa nane.

Mwalimu wako,
Mushi