Barua Niliyoisaini Kabla Sijaanza Kazi

Karatasi zilikuwa tatu. Ya kwanza mkataba, ya pili taarifa za benki, na ya tatu ilikuwa na kichwa "Barua ya kuacha kazi kwa hiari". Jina halikuwapo, wala tarehe, wala sababu. Palikuwa na mistari mitupu, na chini nafasi ya saini. Nikamuuliza karani: hii ya kuacha kazi ni ya nini, na mimi ndiyo kwanza naingia? Hakuinua hata uso. "Ni utaratibu, dada. Wote wanasaini."

Nikasaini. Wanaotuuliza kwa nini hatukukataa hawajawahi kusimama kwenye foleni ile. Ukirudisha kalamu, aliye nyuma yako anaipokea.

Nikapangiwa mashine za ndoo. Kalibu inafunguka, unatoa ndoo ingali ya moto, unakata ukingo kwa kisu, unapanga, na kalibu inafunguka tena kabla hujanyoosha mgongo. Habari za ile karatasi tulizungumza hapo hapo, kelele za mashine zikituficha. Kila mtu alijua zimo kwenye kabati la chuma ofisi ya utumishi. Mtu akiugua muda mrefu, tunaambiwa ameacha kazi. Dada mmoja wa kufungasha tumbo lilipoanza kuonekana, naye tukaambiwa ameacha kazi.

Kumwachisha mtu kazi kuna gharama. Mwajiri atoe sababu, amsikilize, ampe notisi au ailipie, na kiinua mgongo pale sheria inapotaka. Mkataba nambari 158 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1982, unataka pawepo sababu halali, na umeitaja mimba waziwazi kuwa si sababu. Ila hayo yote yanamkinga aliyeachishwa. Aliyeondoka kwa hiari yake anapungiwa mkono tu, basi. Kabati lile lilikuwa na kazi hiyo moja, kumgeuza wa kwanza kuwa wa pili.

Mimi nilifikiwa baada ya kalibu kuniunguza vidole viwili vya mkono wa kulia. Daktari akanipa mapumziko. Niliporudi na bandeji nikaweka kidole cha kushoto kwenye kile kimashine cha mahudhurio getini, maana wakati wa kuandikishwa walichukua vya mikono yote. Kikalia mlio wa kukataa. Nikafuta kidole kwenye gauni, nikarudia. Mlinzi, mzee wa watu, akatazama pembeni: "Mwanangu, hebu nenda utumishi kwanza."

Utumishi nikaonyeshwa barua yangu. Saini nyeusi, ya kwangu kabisa, siikani. Juu yake, kwa wino wa bluu na mwandiko mzuri kuliko wangu, jina langu, sababu "matatizo ya kifamilia", na tarehe: 3. Nikaomba kuipiga picha, wakakataa. Nikaisoma tena mpaka nikaikariri.

Maana niliungua tarehe 9. Walirudisha tarehe nyuma ili ajali isiwe yao, na uroho huo ndio uliowaponza. Wangeandika tarehe ya baadaye, sijui ningesema nini.

Mbele ya afisa kazi, mwakilishi wa chama chetu hakupiga kelele. Aliomba vitu vitatu tu: kumbukumbu za kile kimashine cha geti, kitabu cha ajali, na hati yangu ya mshahara. Geti likaonyesha nimeingia kila siku mpaka tarehe 9. Kitabu cha ajali kilikuwa na jina langu na saini ya supavaiza. Hati ikaonyesha ovataimu ya tarehe 6. "Kama aliacha kazi tarehe 3," akauliza, "huyu aliyeungua tarehe 9 ni nani?" Wakili wa kiwanda akaomba muda wa kushauriana.

Tukiwa nje kwenye benchi, mwakilishi akanieleza kwamba Italia walisumbuliwa na karatasi hizi miaka mingi, hasa wanawake. Tangu 2016 kujiuzulu kwa kawaida hupitia mtandao wa serikali, tarehe inajulikana siku unapotuma, na una siku saba za kughairi. Barua iliyolala kabatini haina nguvu tena. Nikajiuliza ni wangapi pale kwetu wangeghairi.

Wakakubali kunilipa matibabu na mshahara wa siku zote nilizofungiwa nje, na nikarudishwa kazini, mara hii kwenye kuhesabu mizigo. Barua yangu nikakabidhiwa. Nilipouliza za wenzangu, wakili akasema hazikuwa sehemu ya shauri. Ni kweli, hazikuwa. Wiki iliyofuata mashine yetu yote iliandika barua, kila mtu ya kwake na tarehe yake juu, kudai karatasi zetu zilizomo kabatini. Nakala tukampelekea afisa kazi. Baadhi wamerudishiwa. Wengine wameambiwa zimepotea, na hao tumewaambia waandike tena, waulize zilipotelea wapi.