Andika kwa Penseli

Tamthilia ya ofisini. Onyesho la 7.

MAHALI: Chumba cha mikutano, ghorofa ya 3, ofisi ya uwakala wa forodha, Kurasini, Dar es Salaam. Dirishani zinaonekana kreni za bandari. Jumanne, saa nne na robo asubuhi.

WAHUSIKA
TEMBA, 56, mkurugenzi. Hapandishi sauti hata mara moja. Mwigizaji asimcheze kama mtu mbaya. Temba anaamini kwa moyo wote kwamba anatenda haki, na leo ana haraka.
NEEMA, 37, ofisa rasilimali watu. Ndiye mwenye fomu.
SHABANI, 48, mkuu wa operesheni. Bandari anaijua tangu ujana.
SOMOE NAMPUNJU, 33, msailiwa.
BRIAN, 26, msailiwa.
MAMA ZUHURA, 50, mhudumu wa ofisi.

Meza ndefu. Upande wa jopo kuna viti vitatu vya ngozi vya kuzunguka. Upande wa pili kuna kiti kimoja cha mbao. Chupa nne za maji zipo mezani, zote upande wa jopo. Ya nne ipo karibu na mkono wa Temba, juu ya wasifu wa mtu.

SOMOE yupo mlangoni, ushungi wa kahawia, bahasha ya kaki mkononi.

SOMOE: Shikamooni.

TEMBA: (macho kwenye simu) Marahaba. Kaa.

SHABANI: Marahaba, karibu.

Somoe anakaa. Kiti kinayumba. Anakanyaga sakafu kwa nguvu ili kisicheze. Katika sehemu hii yote mguu wake wa kulia hautulii, na kamera iukumbuke kila baada ya muda.

Temba anasogeza chupa, anasoma jina.

TEMBA: Somoe Nam... Nampu...

SOMOE: Nampunju.

TEMBA: La wapi hilo?

SOMOE: Newala, mzee.

TEMBA: Aa, kusini. Korosho zinaendeleaje?

SOMOE: Mimi nipo Dar tangu 2010.

TEMBA: Lakini nyumbani ni nyumbani. Haya, binti. Jieleze. Kwa Kiingereza.

Somoe anaanza. Maneno hatuyasikii. Tunabaki na kalamu ya Temba: inagonga meza taratibu, inasimama, inachora mstari mdogo pembeni mwa karatasi. Inagonga. Inachora wa pili. Anahesabu makosa. Tunaporudishiwa sauti, Somoe ameshamaliza.

TEMBA: Umesoma shule ya kata?

SOMOE: Ndiyo. Kisha Chuo cha Kodi, nikachukua cheti cha uwakala wa forodha cha Afrika Mashariki. Kipo ukurasa wa pili.

Ukurasa haufunuliwi.

NEEMA: Mtihani wa maandishi wa wiki iliyopita amepata 91 kwa mia.

TEMBA: Alisimamiwa na nani?

NEEMA: Mimi mwenyewe.

TEMBA: Nauliza tu.

SHABANI: (anasogea mbele) Dada Somoe, nikupe hesabu. Mzigo umefika. Thamani yake pamoja na bima na nauli ya meli ni shilingi milioni 40. Ushuru wa forodha asilimia 25.

SOMOE: Ushuru ni milioni 10. VAT tunaipiga kwenye 50, siyo kwenye 40. Asilimia 18 ya 50 ni milioni 9. Inakuwa 19, na hapo bado sijagusa tozo ya reli wala ada ya forodha.

Temba ameshafungua kikokotoo cha simu. Anabonyeza. Anaangalia. Anafuta, anabonyeza tena. Anaizima simu bila kusema kitu.

SHABANI: (anatabasamu, kisha anajizuia) Kuna jambo jingine. Hili ni la kweli. Kontena la vigae linakwenda Lubumbashi, kupitia Tunduma. Tansadi, lile tamko la forodha, inarudi kila tukiituma. Leo siku ya tisa.

Anamsukumia nyaraka mbili. Temba anamtazama Shabani kwa jicho refu. Shabani anajifanya hajaliona.

Somoe anazilaza karatasi sambamba. Kidole cha mkono wa kushoto kwenye moja, cha kulia kwenye nyingine, vinashuka pamoja. Vinasimama.

SOMOE: Nyie mmekuwa mkirekebisha tansadi?

SHABANI: Mara tatu.

SOMOE: Tansadi yenu ni sahihi. Hati ya shehena inasema kilo 26,480. Manifesti, orodha ya mizigo ya meli, inasema 24,680. Sita na nne zimepishana wakati wa kuingizwa. Hata mkiituma mara kumi mfumo utaikataa. Mwenye kuomba marekebisho ya manifesti ni wakala wa meli, siyo nyie.

Kimya. Shabani anazivuta karatasi, anaweka miwani, anatazama. Anachukua kipande cha karatasi tupu.

SHABANI: Niandikie hapo utakavyomwandikia wakala.

Somoe anaandika. Mistari mitano, mwandiko wa kunyooka. Kabla hajamaliza, Shabani anainuka na nyaraka zake.

SHABANI: Samahani mzee, dakika moja.

Anatoka. Kupitia kioo cha mlango tunamwona akipiga simu, mkono mmoja hewani. Temba anaichukua rimoti ya kiyoyozi, anapunguza joto. Somoe anajivuta mtandio mabegani.

TEMBA: Umeolewa?

Somoe anamtazama Neema. Neema anatazama fomu.

NEEMA: Mzee, hicho kipengele tulikitoa. Mwanasheria alituandikia, ile Sheria ya Ajira ya 2004...

TEMBA: Sijaisoma fomu. Nazungumza na mtu.

SOMOE: Nimeolewa.

TEMBA: Watoto?

SOMOE: Wawili.

TEMBA: Mdogo?

SOMOE: Miezi kumi na minne.

Simu ya Neema inatetemeka mezani. Kwenye kioo: DADA NYUMBANI. Neema anailaza kifudifudi. Inatetemeka tena. Anaiwekea kiganja juu mpaka inyamaze.

TEMBA: Meli haiulizi saa, unajua.

SOMOE: Nimefanya zamu za usiku miaka sita. Barua ya mwajiri ipo, ukurasa wa tatu.

TEMBA: Na mumeo anasemaje?

SOMOE: Kuhusu nini, mzee?

TEMBA: Hayo ya usiku.

SOMOE: Anawalaza watoto.

Temba anacheka kidogo, anamgeukia Neema ili wacheke pamoja. Neema anainua kona ya mdomo. Haifiki mbali.

TEMBA: Andika hapo.

NEEMA: Niandike wapi?

TEMBA: Pembeni. Kwa penseli.

Neema anaandika. Somoe anaisoma ile penseli kutoka upande wa pili wa meza, kichwa chini juu. Ni maneno mawili tu. Mtazamaji asionyeshwe.

TEMBA: Una swali? (anatazama saa) Haya. Tutakupigia.

Somoe anafunga bahasha, anaunyoosha mkono achukue kile kipande alichoandika. Kiganja cha Temba kimeshatua juu yake.

TEMBA: Hiyo iache.

SOMOE: Asanteni.

Anainuka. Kiti kinalalia upande, kinagonga meza. Anakidaka, anakirudisha sawasawa, anatoka. Mlangoni anapishana na MAMA ZUHURA mwenye sinia la chai, vikombe vitatu. Wanasalimiana kwa macho. Mama Zuhura anaviangalia vikombe vyake, anamwangalia Somoe, anapita.

TEMBA: Mama Zuhura, hiki kiti kibovu. Kiondoe, leta cha ofisini kwangu.

KATIZO. Dakika kumi baadaye.

BRIAN amekaa kwenye kiti cha ngozi, anazunguka kidogo kushoto, kidogo kulia. Mbele yake kuna chupa ya nne ya maji, imefunguliwa. Shabani amerudi. Simu yake ipo mezani, anaitazama kila baada ya sekunde chache.

TEMBA: Mzee hajambo?

BRIAN: Hajambo, anakusalimia sana. Alisema Jumapili hakukuona kanisani.

TEMBA: Nilikuwa Arusha. Utamwambia. (anamwonyesha jopo) Kijana tumemwona akiwa hivi.

Anaonyesha urefu wa meza.

NEEMA: Mtihani wa maandishi, 58.

TEMBA: Mtihani ni mtihani. Kuna siku mtu ameamka vibaya.

SHABANI: Brian, tansadi inarudishwa na mfumo kila ukiituma. Unafanyaje?

BRIAN: (anafikiri kweli, si mpumbavu) Kwa kweli ningemtafuta mtu wa ndani, tuongee. Mambo mengi ni mahusiano.

TEMBA: Mtu wa vitendo.

Shabani anasubiri labda kuna sehemu ya pili ya jibu. Haipo.

TEMBA: Una mpango wa kuoa?

BRIAN: Mwakani, Mungu akipenda.

TEMBA: Vizuri. Kijana akiwa na familia anatulia. (kwa Neema) Andika hiyo.

Penseli ya Neema inasimama juu ya fomu ya Brian, mahali palepale pembeni ilipoandika ile nyingine. Inaandika.

KATIZO. Jopo peke yao. Chai imepoa.

NEEMA: Kila kipengele ni kumi. Somoe: maarifa 9, uzoefu 9, mawasiliano 7.

TEMBA: Utayari mpe 4.

Simu ya Shabani inalia. Anasikiliza kwa muda mfupi.

SHABANI: Wakala wa meli amekiri kosa. Anaomba marekebisho sasa hivi.

TEMBA: Safi sana.

SHABANI: Ni yule dada aliyeliona.

TEMBA: Nilikuwepo, Shabani. (kwa Neema) Utayari, 4.

Shabani anafungua mdomo. Temba anamtazama kwa upole, kama mtu anayesubiri kwa heshima kabisa. Shabani anachukua kikombe, anakunywa chai ya baridi hadi mwisho.

NEEMA: Kuendana na timu nilimwekea 9. Brian ni 6, 4, 9, 9, 9.

TEMBA: Jumla?

NEEMA: Somoe 38. Brian 37.

TEMBA: Hesabu tena.

Hasemi zaidi ya hapo. Anainuka, anavaa koti, anakagua kola kwenye kioo cha dirisha. Nyuma ya taswira yake kreni inashusha kontena taratibu.

Neema anahesabu tena, midomo ikitembea. Jibu ni lilelile. Anamtazama Shabani. Shabani anapanga nyaraka zake ambazo zimeshapangwa.

Neema anachukua ufutio. Anafuta 9. Anapuliza vumbi. Anaandika 7.

NEEMA: Somoe 36.

TEMBA: Ndiyo maana nasema penseli. (mlangoni, anageuka) Na ile karatasi ya binti usiitupe. Brian ataanza nayo Jumatatu.

Anatoka. Shabani anamfuata, hatua tatu nyuma.

Neema peke yake. Mama Zuhura anaingia, anakusanya vikombe, anakifikia kile kipande chenye mistari mitano. Anakiinua.

MAMA ZUHURA: Hii takataka, mama?

NEEMA: Hapana. Niachie.

Mama Zuhura anakiweka chini, anakilainisha kwa kiganja, anatoka na sinia.

Simu ya Neema inatetemeka. DADA NYUMBANI. Safari hii anapokea.

NEEMA: Homa imeshuka?... Mpe maji. Mwambie mama anakuja... Hapana, siwezi kutoka sasa hivi. Si unajua.

Anakata. Anafungua peni ya wino. Anaivuta fomu karibu na kuanza kuifuatisha ile 7, polepole, wino juu ya penseli.

GIZA.