Maneno ya mkuu wa idara kabla ya kuanza usahihishaji

Walimu wenzangu, habari za asubuhi.

Kabla hatujafungua bahasha, naomba dakika chache. Jana jioni sote sita tulisahihisha nakala za insha moja, kila mtu kivyake. Swali lina alama 20. Wa chini alitoa 9, wa juu akatoa 15. Mwanafunzi ni yule yule, maneno ni yale yale. Alama 6 zinatosha kumfelisha mtu, naye hajui kwamba yote yalitegemea kitabu chake kimeangukia meza ya nani. Jambo hilo limeninyima usingizi.

Nimezipitia alama zile moja moja. Hakuna aliyezembea. Neno lililokosewa tahajia mara saba, mmoja wetu alilikata mara saba, mwingine mara moja, na wawili walilikata kwenye lugha kisha wakalikata tena kwenye maudhui. Tukubaliane: kosa la neno lile lile linakatwa mara moja tu, kwenye lugha. Maudhui yana alama zake 10, na pale tunatafuta kama hoja ipo na imefafanuliwa. Hoja ikieleweka, mpeni haki yake hata kama sentensi inachechemea.

Tena, hoja ya nne ya insha ile haimo kwenye mwongozo, ila ni sahihi na inajibu swali. Watatu walimpa, watatu wakamnyima. Mwongozo hauwezi kubashiri kila jibu. Ukikutana na hoja ya namna hiyo, usiamue peke yako. Inua mkono tuijadili. Tukiikubali naiandika ubaoni, na kila mmoja anavirudia hata vitabu alivyokwisha kuvipitia. Najua kurudi nyuma kunachosha. Turudi tu.

Tutakwenda swali kwa swali, siyo kitabu kizima kwa mkupuo, ili aliyeng'ara swali la 1 asibebwe kwenye la 3, wala aliyeanza vibaya asiadhibiwe hadi mwisho. Mwandiko hauna alama. Majina yamefunikwa; ukiutambua mwandiko wa mwanafunzi wako, nipe kitabu hicho nimpe mwingine.

Na jamani, msiogope kutoa 20, wala msiogope kutoa 2. Hofu hiyo ndiyo inayowarundika wote kwenye 11 na 12.

Alama ziandikwe kwenye karatasi ya pembeni. Katika kila vitabu kumi nitachukua kimoja nikisahihishe upya bila kuziona alama zako. Tukipishana zaidi ya 2, tutakaa tuone tumeachania wapi. Vyangu navyo atavipitia naibu wangu vivyo hivyo. Macho yakichoka, simama upumzike, maana msahihishaji aliyechoka hukaza mkono au huulegeza bila kujua.

Fungueni bahasha ya kwanza. Swali la 1, vitabu viwili tu, kisha tunasimama kulinganisha.