Kwa Mwajuma, Dodoma

Shoga yangu Mwaju,

Habari za huko? Shemeji hajambo? Na huyo bwana mdogo, kashaota meno au bado anamaliza vidole vyake? Huku Magomeni sote wazima. Mama anakusalimia sana. Kila akiniona nimeshika simu huku nacheka, anadhani naongea na wewe.

Sina jambo kubwa. Nimekukumbuka, basi, nikaona nikwambie badala ya kukaa nalo moyoni. Wala usianze kutafuta la kujitetea, maana hakuna anayekudai. Mwenye mtoto mchanga, na nyumba mpya, na wakwe wanaoingia bila hodi, saa zake si zake. Mimi mwenyewe nilikuwepo tunakucheza kwenye kitchen pati, nikapiga vigelegele mpaka sauti ikakauka, na nilijua tunakutoa uende.

Kilichoniandikisha ni mteja wa leo. Kaja mama mmoja dukani, mkoba kwapani, kavaa miwani ya kusomea, kashika kanga moja baada ya nyingine anasoma maneno yake pole pole kama anasoma hati ya kiwanja. Unamjua mtu wa namna ile. Zamani wewe ungenikanyaga mguu chini ya meza, tafsiri yake: huyu ana ugomvi na jirani, hanunui ua, ananunua maneno. Na kweli, kazipita zote nzuri nzuri, kachukua doti moja ya rangi mbaya kabisa, kalipa bila kuomba hata kupunguziwa, katoka anatabasamu. Nikageuka nikukanyage. Aliyekuwa pembeni yangu ni huyu binti mpya, anahesabu chenji. Binti mzuri, mchapakazi, simsemi. Ila ananiita dada na kuniamkia kila asubuhi, sasa mtu kama huyo nitamkanyagaje mguu?

Mtaa wa Kongo ni ule ule, machinga wamejaa mpaka mlangoni, na bosi bado anasema biashara mbaya huku akihesabu. Mvua nazo zikishuka Jangwani panafungwa kama kawaida. Juzi tumekwama pale Faya, nikanunua hindi la kuchoma, nikakumbuka ile siku uliyomwuliza dereva wa mwendokasi kama nauli ya kuogelea ni hiyo hiyo. Nilicheka peke yangu kwenye foleni. Watu walinisogea mbali kidogo.

Kitu kingine, usinicheke: ukoko. Siku hizi nikipika wali, ukoko wote wangu, hakuna wa kunipokonya mwiko, na wala haunogi. Nauacha sufuriani mama anaulowekea maji.

Picha zako kwenye stetasi naziona. Ile uliyosimama na mtoto mgongoni, upepo wa Dodoma umekupeperusha mtandio, niliiangalia mara nyingi. Umenenepa shoga, na imekupendeza. Nilifurahi hasa. Nilitaka kujua tu ulikuwa unacheka nini, na nani alikuwa nyuma ya kamera.

Sasa sikiliza. Tangu ile treni ya umeme ianze 2024, Dodoma imekuwa karibu. Mtu anapanda Dar asubuhi, mchana kashafika. Mwezi ujao bosi anasafiri kufuata mzigo, nitakuwa na siku mbili tatu. Nina binamu yangu Nkuhungu, nitafikia kwake, kwa hiyo usihangaike na godoro wala mboga. Nikipata saa moja tu ya kukaa na wewe inanitosha, hata kama utakuwa unafua na mimi nambeba huyo bwana mdogo. Na kama wiki hiyo ina mambo ya kwenu, sema tu, "shoga si sasa." Treni ipo kila siku, na mimi sikimbii.

Kujibu usijipe kazi ya kuandika maneno mengi kama mimi. Nitumie voisi, hata fupi, hata mtoto akiwa analia na sufuria zinagongana. Ndiyo kwanza nitaipenda.

Msalimie shemeji, mwambie yule mshenga wake aliyekula sahani tatu za pilau bado anatajwa huku mtaani.

Wako,
Tatu

Nimekuwekea doti moja ya kisutu, nyekundu, maana najua mbeleko ile ya kwenye picha imeshachoka. Bosi hajui kama nimeificha, kwa hiyo usiposti kabla sijailipia.