Utaratibu wa Kutoa Dawa Dirishani

Utaratibu huu ni wa watoa dawa wote wa kituo, pamoja na wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo. Hata foleni ikifika getini, hakuna hatua inayorukwa.

1. Kupokea cheti
Mwombe mgonjwa ataje jina lake mwenyewe. Ukiuliza "Wewe ndiye Asha?" anaweza kuitikia hata asiyekuwa Asha. Linganisha na cheti: jina, umri, tarehe, sahihi ya tabibu.
Kagua: mtoto ana uzito ulioandikwa? Kama hana, apimwe hapo hapo.

2. Kusoma cheti
Hapa ndipo makosa mengi huzuilika, usiharakishe. Angalia jina la dawa, nguvu, dozi na idadi ya siku. Kabamazepini ni ya kifafa, kabimazoli ni ya tezi ya shingo. Mwandiko mbaya huzifanya pacha. Dawa mseto ya malaria hufuata uzito: mtoto wa kilo 14 hupewa kidonge 1 kila dozi, wa kilo 15 hupewa 2.
Kagua: ana mzio wa penisilini? Kama anao, amoksilini haitoki. Ni mjamzito? Usichokielewa usikikisie. Mpigie tabibu wewe; usimrudishe mgonjwa kwenye foleni.

3. Kuandaa
Toa kwanza inayokaribia kwisha muda. Kopo moja tu mezani, vidonge vihesabiwe kwa trei, si kiganjani. Dawa ya unga ichanganywe na maji yaliyochemshwa yakapoa, hadi kwenye alama.
Kagua: soma lebo unapotoa kopo rafuni, unapohesabu na unapolirudisha.

4. Kuandika bahasha
Jina la mgonjwa, dawa, nguvu, matumizi. "1 x 2" ni lugha yetu, si ya mgonjwa. Andika: "Kidonge 1 asubuhi, kidonge 1 jioni, siku 3."
Kagua: zidisha mwenyewe. 1 mara 2 mara 3 ni vidonge 6. Je, ndivyo vilivyomo?

5. Jicho la pili
Mwenzako alinganishe cheti, dawa na bahasha. Zamu ya usiku ukiwa peke yako, weka dawa kando kidogo, kisha soma cheti upya toka mwanzo.

6. Kukabidhi
Muulize jina tena. Mweleze kwa saa, kwa mfano: "Mama, dozi ya kwanza anakunywa sasa, saa 4 asubuhi. Ya pili saa 12 jioni, yaani baada ya muda wa saa nane. Kesho na keshokutwa, asubuhi na jioni. Mpe na maziwa au chakula chenye mafuta. Akitapika ndani ya nusu saa, mrudishie dozi hiyo, kisha uje tukupe ya kufidia."
Kagua: usiulize "Umeelewa?", jibu lake ni "ndiyo" siku zote. Sema: "Hebu nieleze utakavyompa." Akikosea, anza upya bila kumgombeza.

Jaza rejesta na utie sahihi kabla ya kumwita anayefuata.